Saa ya Waswahili na Saa ya Grinichi katika Matangazo ya Makongamano

Tangazo la kongamano ni maandishi mafupi, lakini ndani yake hukutana hesabu mbili za wakati zenye asili mbalimbali. Ya kwanza ni hesabu ya Waswahili, ambao huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na tena linapotua. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo saa moja asubuhi haiendi mbali na macheo. Tena, kwa desturi ya pwani, siku huingia magharibi: usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa.

Hesabu ya pili ilipitishwa Washington mwezi wa Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walipoichagua meridiani ya Grinichi kuwa mstari wa sifuri. Nchi 22 zilikubali, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brazili zikajizuia. Siku ya dunia nzima ikaamuliwa kuanza usiku wa manane. Afrika Mashariki haikuwa na mjumbe. Utawala wa kikoloni ndio ulioileta hesabu hiyo maofisini, lakini haukuiondoa ile ya kwanza katika usemi wa watu. Ndiyo sababu ya tofauti ya saa sita iliyopo hadi leo.

Ichukuliwe kwamba tarehe 1 Oktoba 2025 idara moja ya Nairobi ilitangaza mhadhara wa mtandaoni wa tarehe 6 Novemba, saa kumi jioni, na msemaji yuko New York. Saa kumi jioni ni 16:00 ya Nairobi, yaani 13:00 ya UTC. Msomaji wa kigeni atakayeiona tarakimu 10 peke yake ataielewa kuwa saa nyingine kabisa. Lakini hata mtangazaji aliyegeuza hesabu kwa uangalifu angeweza kukosea. Siku ya kuandika, 16:00 ya Nairobi ilikuwa 14:00 London na 09:00 New York. Uingereza ilirudisha saa nyuma tarehe 26 Oktoba, na Marekani tarehe 2 Novemba, Kenya haibadilishi. Siku ya mhadhara, basi, saa sahihi zilikuwa 13:00 na 08:00. Msemaji aliyefuata tangazo angeingia wasikilizaji wa Nairobi wakiwa wamekwisha ngoja saa nzima.

Yafaa, kwa hiyo, wakati ugeuzwe kwa kufuata tarehe ya mkutano, si tarehe ya tangazo, na uandikwe hivi: “Alhamisi, 6 Novemba 2025, saa kumi jioni, Nairobi (16:00, 13:00 UTC)”. Neno “usiku wa Ijumaa” liepukwe, na tarehe itajwe.

Maneno hayo yawekwe ndani ya picha yenyewe, pamoja na mada na majina ya wasemaji. Kiungo cha kujiandikisha huwekwa katika maelezo yaliyo chini ya picha, na picha inapopelekwa kwa wengine mara nyingi huachana na maelezo hayo. Anayeipokea aweze angalau kujua ni lini, na ni saa ya wapi.