Andika jibu kwanza: mfano wa barabara ya Nadapal

Habari au maelekezo yaanze na jibu, yaani nini kimetokea, wapi, lini, na msomaji afanye nini. Maelezo yanayosaidia yafuate, na historia ikae mwisho. Waandishi wa habari huita mpangilio huu piramidi iliyopinduliwa, kwa kuwa sehemu nzito iko juu.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa salamu. Mtu hupiga hodi, akaulizia watoto na wazee, ndipo aseme kilichomleta. Kwenye baraza huo ni uungwana, lakini msomaji wa habari huenda yuko njiani na simu yenye mtandao dhaifu, akaona mistari miwili tu.

Tuchukue barabara ya Lodwar, Kakuma, Lokichoggio hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Njia hiyo hukatwa na malaga, mito mikavu inayojaa ghafla mvua ikinyesha mbali milimani. Tuseme mwandishi wa Kakuma anaandika hivi (mfano huu ni wa kubuni):

“Wakazi wa Kakuma waliamka Jumanne na kukuta mawingu mazito. Mvua ilianza usiku, na wazee wanasema hawajaona kama hii kwa miaka mingi. Biashara sokoni zilisimama. Kutokana na hali hiyo, laga imefurika na magari hayapiti kwenda Nadapal.”

Dereva wa lori aliyetoka Mombasa anahitaji sentensi ya nne. Akisoma ya kwanza na kuifunga simu, atajua kuna mawingu na atawasha gari. Habari hiyo hiyo ipinduliwe:

“Magari hayapiti kutoka Kakuma kwenda Nadapal tangu saa 10 alfajiri ya Jumanne, Aprili 14, baada ya laga kufurika. Polisi wanawataka madereva wasubiri Kakuma hadi maji yapungue.”

Aya ya pili itaeleza ni laga ipi, magari mangapi yamekwama na nani amethibitisha. Ya tatu itataja soko, na wazee watakuja mwisho. Tazama pia kwamba tarehe imetajwa. Neno “leo” huchakaa: habari ikitumiwa watu wiki ijayo, itamdanganya msomaji.

Kipimo chake ni rahisi. Futa aya ya mwisho, kisha inayotangulia, hadi ibaki ya kwanza. Kila ukifuta, kilichobaki kieleweke na kiwe kweli. Zamani wahariri wa magazeti walifanya hivyo hasa: nafasi ikipungua kwenye ukurasa, walikata kutoka chini. Ukiona kwamba kufuta aya ya tano kumeondoa habari yenyewe, jua umeizika.

Maelekezo ya kufanya jambo yana kanuni moja zaidi. Jibu hutangulia, lakini hatua hazipinduliwi, na onyo hukaa kabla ya hatua linayoihusu. Chukua maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha. Aya ya kwanza iseme: “Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi, inaweza kumdhuru mtoto. Akiwa mlegevu au hawezi kunywa, mpeleke hospitali mara moja.” Kisha zije hatua kwa mpangilio wake: nawa mikono, pima maji, tia sukari na chumvi, koroga hadi viyeyuke, mpe kidogo kidogo. Sababu ya kuharisha kupunguza maji mwilini ifuate baadaye. Onyo la chumvi likiwekwa chini kabisa, mama atalisoma kikombe kikiwa kimeshanywewa.

Mtindo huu una hatari yake. Aya ya kwanza ndiyo inayosambazwa, kwa hiyo uvumi ukiwekwa hapo husambaa kama ukweli. Kambini Kakuma, ambako wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti la KANERE mwaka 2008, taarifa moja kuhusu mgao wa chakula inaweza kuwafanya watu wapange foleni au wakose zamu. Kama hujathibitisha, usiliweke juu. Kama chanzo ni mmoja, kitaje hapo hapo juu, si katika aya ya sita.

Na si kila andiko lipinduliwe. Tanzia, hadithi na simulizi ya safari zina mwendo wake, na ukitoa mwisho mwanzoni unamnyima msomaji ladha. Jiulize tu: msomaji huyu atafanya jambo gani akishasoma? Akiwa na la kuamua, kama dereva wa Nadapal, mpe jibu kabla ya salamu.