Kutoka Kitandani Hadi Msalani: Hoja ya Kupanga Upya Orodha ya Usalama wa Mzee Nyumbani

Orodha nyingi za kumkinga mzee asianguke hupangwa kwa vyumba: sebule, jiko, chumba cha kulala, choo. Mpangilio huo humrahisishia kazi mkaguzi, lakini haufuati nyendo za mzee mwenyewe. Makala hii inapendekeza familia ianze na safari moja tu, ya kutoka kitandani hadi msalani usiku, na iikague yote kabla ya kushughulikia kitu kingine.

Ushahidi unaelekea huko. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kuondoa vikwazo nyumbani hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 26. Kwa wazee walio hatarini zaidi, kama vile waliokwisha kuanguka katika mwaka uliopita, upungufu ulifikia asilimia 38. Kwa wazee ambao hawakuteuliwa kwa kigezo cha hatari, faida haikuonekana. Kwa hiyo swali la kwanza la orodha linamhusu mtu kabla ya nyumba yake: je, amewahi kuanguka, na alikuwa akienda wapi?

Safari ya usiku hukutanisha hatari kadhaa kwa wakati mmoja. Mzee anapoinuka ghafla, shinikizo la damu linaweza kushuka. Likishuka kwa milimita 20 au zaidi kwenye kipimo cha juu ndani ya dakika tatu, madaktari huhesabu kuwa ni kasoro. Dawa za presha zinaweza kuzidisha hali hiyo. Hapo ongeza giza, usingizi na haraka ya haja.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 78 anayeishi Tanga katika nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma, choo mwisho wa ua. Anatumia dawa ya presha inayoongeza mkojo. Ukaguzi wake una vituo vinne.

Kwanza, kitanda. Analala kwenye samadari ndefu, na akikaa ukingoni miguu yake inaning'inia. Kimo kinachofaa ni kile kinachoruhusu nyayo zote kukanyaga sakafu huku magoti yamekunjwa kama pembe ya kiti. Godoro lililotandikwa chini nalo halimfai, kwa kuwa humlazimu kujiinua kwa nguvu asizonazo. Taa au tochi iwe mahali mkono unapofika kabla hajainuka, naye akae kidogo ukingoni kabla ya kusimama.

Pili, ukumbi. Mkeka uliokunjamana pembeni, waya wa feni na ndoo ya maji viondolewe njiani. Taa ndogo ya sola iachwe ikiwaka, kwani swichi iliyo upande wa pili wa ukumbi humfanya avuke giza ili apate mwanga.

Tatu, mlango wa uani. Kizingiti kipakwe rangi inayotofautiana na sakafu, na vipandio viwe na kimo kimoja. Kipandio kilichozidi vingine kidogo ndicho kinachokwaza. Malapa yaliyolika yabadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino, na gauni lisiburure.

Nne, choo. Sakafu ikaushwe baada ya watu kuoga au kutawadha. Iwapo choo ni cha kuchuchumaa, kiti imara chenye tundu, kisichoyumba, kiwekwe juu yake. Bomba la kushikia lifungwe na fundi kwenye ukuta wa tofali au zege. Pa kutundikia taulo hapahesabiki, kwa sababu hung'oka mtu anapoegemea kwa uzito wake wote.

Mahali pa kufunga bomba hilo pasikisiwe. Familia itazame ukuta: alama za viganja kwenye chokaa huonyesha mkono wa mzee unatafuta msaada wapi. Kisha mtu atembee naye usiku, kwa mwanga uleule na viatu vilevile, bila kumshika isipokuwa akiyumba. Anapositasita au anapogeuka kwa kuvuta miguu, hapo pana kazi ya kufanya.

Wapo watakaosema kwamba chombo cha haja kando ya kitanda kinamaliza yote. Kwa mzee dhaifu sana, ni kweli kinamfaa. Hata hivyo, kwa anayeweza kutembea, kumwondolea safari ni kumpunguzia mwendo unaohifadhi nguvu za miguu, na wengi huona wamevunjiwa heshima. Aulizwe mwenyewe kwanza. Badiliko alilolikataa hutenguliwa mara familia inapoondoka.

Orodha hii ina mipaka. Haitibu mtoto wa jicho, haipunguzi dozi, wala haijengi misuli. Hayo ni ya kliniki na mazoezi. Tena haidumu milele: irudiwe kila dawa inapobadilishwa, kila baada ya ugonjwa, na kila baada ya kuanguka. Na mzee akianguka, akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asikandwe wala asilazimishwe kutembea. Huenda nyonga imevunjika, na anapaswa kufikishwa hospitali akiwa amelala.