Kuandika maelezo ya kikao bila kumtoa mtu hadharani

Katika kambi ya Lusenda, territoire ya Fizi, ambako wakimbizi wa Burundi wamepokelewa tangu mwaka 2015, watu wanajuana. Ndiyo maana kuondoa jina tu kwenye maelezo ya kikao cha ushauri hakutoshi. Tukiandika "mjane wa mchungaji aliyeuawa, anauza samaki karibu na kisima", kila jirani atamtambua.

Maelezo mazuri yana sehemu nne fupi. Kwanza ni namba ya faili, tarehe, muda, na lugha iliyotumika. Orodha inayounganisha namba na jina hufungiwa mahali pengine. Pili ni yale aliyosema na yale tuliyoyaona. Tatu ni tathmini yetu, nayo isichanganywe na maneno yake. Nne ni tulichofanya na mpango unaofuata.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mama huyo huyo:

"Namba 27. Kikao cha 4, dakika 50, Kirundi, mkalimani alikuwepo. Anasema ndoto za kutisha zimepungua kutoka kila usiku hadi usiku 4 kwa juma. Alilia alipogusia tukio la vita, kisha akatulia. Tulimuuliza kuhusu kujiua: anasema hana wazo hilo. Tathmini: dalili za kiwewe zinapungua, usingizi bado ni mdogo. Tulifanya zoezi la kupumua taratibu, akaliweza. Atalifanya kila jioni. Kikao kijacho baada ya siku 7."

Hapo hakuna kisima, samaki wala mchungaji. Namna mumewe alivyouawa haimo, wala majina ya anaowashuku, kwa sababu karatasi ikipotea majina hayo yanaweza kuleta kisasi. Hata hivyo, mshauri mwingine akishika kazi kesho anajua aanzie wapi: ahesabu ndoto, aulize usingizi, aangalie kama zoezi linasaidia.

Kosa la upande wa pili ni kuficha mno. "Tuliongea, anaendelea vizuri" haimsaidii mtu. Hatari hasa haifai kufupishwa. Mtu akisema anataka kufa, tunaandika kama ana mpango, kama ana njia ya kuutekeleza, nani atakaa naye usiku huo, na amepelekwa kwa nani. Mteja aelezwe tangu kikao cha kwanza kwamba siri ina mpaka huo. Akipelekwa kituo cha afya, barua ibebe yale tu ambayo muuguzi anahitaji, si faili nzima.

Kabla ya kufunga faili, tusome tena tukijiuliza mambo mawili: je, mwenzetu asiyemjua mtu huyu anaweza kuendelea na kazi? Na je, jirani yake akiyasoma atamtambua? Jibu la kwanza liwe ndiyo, la pili liwe hapana.