Tenisi: Jinsi tofauti ndogo kwenye pointi inavyokua hadi mechi

Fainali ya wanaume ya Wimbledon mwaka 2019, Roger Federer alipata pointi 218 na Novak Djokovic 204, lakini kombe alilichukua Djokovic. Wasikilizaji wengi huuliza inawezekanaje. Jibu ni kwamba pointi za tenisi haziendi moja kwa moja kwenye mechi. Hujenga gemu, gemu hujenga seti, na seti ndizo zinazoamua.

Tuchukue wachezaji wawili wa kubuni. Juma akianzisha mpira hushinda pointi 65 kati ya 100, na Hamisi akianzisha hushinda 60. Maana yake Juma akipokea mpira wa Hamisi hupata 40. Kwa jumla, katika pointi 200, Juma anapata 105 na Hamisi 95. Pengo hilo ni dogo sana.

Sasa tupande ngazi. Gemu inahitaji pointi nne, kwa kumzidi mwenzako angalau mbili. Wakifika 40 kwa 40, anayeanzisha lazima ashinde mbili mfululizo. Kwa Juma, nafasi ya kushinda mbili ni 0.65 mara 0.65, yaani 0.4225, na ya kupoteza mbili ni 0.1225. Wakigawana moja moja wanarudi palepale, kwa hiyo tunalinganisha hizo mbili tu: Juma anaondoka na gemu karibu mara 78 kati ya 100. Tukijumlisha na njia zote za kushinda kabla ya hapo, Juma hushinda gemu anazoanzisha mara 83 kati ya 100, na Hamisi mara 74. Pengo la 5 limekuwa 9.

Kwenye seti, wanapokezana kuanzisha, na wakifungana gemu 6 kwa 6 wanacheza gemu ya kuvunja sare. Hapo Juma anashinda seti mara 66. Mechi ya kutafuta seti mbili anashinda mara 74, na ya kutafuta seti tatu mara 79. Mechi ikiwa ndefu, aliye bora kidogo ananufaika zaidi. Hata hivyo Hamisi bado anashinda mara 21, jambo ambalo wanaobeti kwa simu husahau haraka.

Hesabu hii inachukulia kwamba kila pointi haijali iliyotangulia. Watafiti Klaassen na Magnus walipima pointi za Wimbledon wakakuta si kweli kabisa, ila kasoro ni ndogo. Hatari kubwa, kwa maoni yetu, ni ile 65 yenyewe: kama Juma aliipata dhidi ya wapokeaji dhaifu, mbele ya mpokeaji hodari itashuka. Ikishuka hadi 60, wako sawa, na kila mmoja ana nafasi 50.

Djokovic, siku ile, alishinda gemu zote tatu za kuvunja sare.