Mpangilio wa viwakilishi katika barua pepe za Kifaransa

Katika sentensi za kawaida za Kifaransa, viwakilishi vya mtendwa na mtendewa hukaa kabla ya kitenzi. *Vous* hutangulia *le*, *la* au *les*; *en* huja mwisho. Karani anayetuma ankara (*la facture*) huandika *je vous la transmets*. Ikiwa ni ripoti (*le rapport*), huandika *je vous le transmets*. Mpokeaji akiwa mtu wa tatu, mpangilio hugeuka: *je le lui transmets*. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuandika *je lui le transmets*.

Katika *je vous en remercie*, *en* ina sababu yake. Kitenzi *remercier* hutaja jambo linaloshukuriwa kwa *de*, kama katika *je vous remercie de votre réponse*, na *en* hushika nafasi ya *de votre réponse*. Kwa hiyo *je vous le remercie* ni kosa.

Katika wakati uliopita, viwakilishi hutangulia kitenzi kisaidizi: *je vous l'ai transmise*, kwa ankara, ambayo ni ya jinsia ya kike. Kukiwa na vitenzi viwili, hukaa kabla ya kile kinachovihusu: *je vais vous la transmettre*. Amri ya kukubali huvipeleka nyuma: *transmettez-la-moi*.