Barua pepe: Kinachofungwa njiani na kinachobaki wazi kituoni

WATU wengi huona alama ya kufuli juu ya ukurasa wa barua pepe na kuamini kuwa waraka wao umefungwa tangu unapoandikwa hadi unapofunguliwa na mlengwa. Sivyo. Kufuli hilo linathibitisha kipande kimoja tu cha safari, yaani kile kilichopo baina ya kompyuta ya mwandishi na seva ya kampuni inayomhifadhia barua. Yanayotokea mbele ya hapo ni habari nyingine.

Tuchukue mfano wa wakili aliyeko Arusha anayemtumia mwenzake wa Nairobi maelezo ya shahidi ambaye jina lake halitakiwi kujulikana. Waraka huo hutoka kwenye kompyuta yake hadi seva ya kampuni yake ya barua, ukatoka hapo hadi seva ya kampuni ya mwenzake, na mwisho ukashuka katika simu au kompyuta ya mpokeaji. Hivyo ni vipande vitatu, na kila kimoja kina ulinzi wake.

Ulinzi wa njiani, ambao wataalamu huuita TLS, husimba maneno yanapopita kwenye waya au hewani ili anayedukiza katikati aone vurugu ya herufi tu. Lakini kila waraka unapofika kwenye seva husimbuliwa, ukakaa pale ukiwa unasomeka, kisha ukasimbwa upya kwa ajili ya kipande kinachofuata. Ni sawa na kifurushi kinachosafiri ndani ya sanduku la chuma, lakini kila stesheni sanduku linafunguliwa na mwenye stesheni anakiona kilichomo.

Kipande cha kwanza na cha tatu siku hizi havina tatizo kubwa, kwa kuwa kampuni za barua zinazojiheshimu hukataa mtu kuingia bila TLS. Udhaifu upo katikati, seva inapozungumza na seva. Mfumo wa kupeleka barua uliundwa kabla usimbaji haujafikiriwa, na ulinzi ukaja kuongezwa baadaye kama jambo la hiari. Seva inayopokea hutaja mambo inayoyaweza, na miongoni mwake hutaja neno STARTTLS. Seva inayotuma ikiliona, huomba wafunge mazungumzo:

```
EHLO barua.example.com
250-mx.example.org
250-SIZE 35882577
250 STARTTLS
STARTTLS
220 Ready to start TLS
```

Msomaji ataona kasoro mara moja. Mazungumzo haya ya mwanzo yenyewe hayajasimbwa. Yeyote aliyekaa katikati akilifuta neno lile moja, au akaweka herufi za X mahali pake, seva inayotuma itadhani kuwa mwenzake hajui usimbaji. Kwa desturi haitasimama. Itaupeleka waraka ukiwa wazi, na wala si mwandishi wala si mpokeaji atakayeambiwa.

Hili halikubaki nadharia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Chuo Kikuu cha Illinois na kampuni ya Google walichapisha vipimo vya barua zilizoingia Gmail kutoka nchi mbalimbali. Katika barua zilizotoka Tunisia, asilimia 96 zilikuwa zimevuliwa usimbaji kwa njia hiyo. Kwa Kenya ilikuwa kama asilimia 24, na kwa Uganda asilimia 23. Ikumbukwe kuwa si lazima kila mara awe mpelelezi. Vipo vifaa vya kulinda mitandao ya ofisi ambavyo hufuta neno hilo ili viweze kukagua barua taka na virusi. Takwimu hizo ni za mwaka ule na hazielezi hali ya leo, lakini mlango waliouonyesha haujazibwa kwa kila seva.

Dawa yake ilitolewa mwaka 2018, nayo inaitwa MTA-STS. Mwenye anwani hutangaza sharti lake kwenye ukurasa wa wavuti uliofungwa kwa cheti, mahali ambapo aliyekaa kati ya seva mbili hawezi kulifuta:

```
version: STSv1
mode: enforce
mx: mx.example.org
max_age: 604800
```

Maana yake ni kwamba kwa muda wa sekunde 604,800, yaani wiki moja, seva yoyote inayoheshimu utaratibu huu isilete barua kwa anwani hii bila TLS na cheti halali, ikishindwa, isubiri. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi huandika `testing` mahali pa `enforce` kwa ajili ya majaribio, kisha zikasahau. Hapo sharti lipo kwenye karatasi tu, na barua iliyovuliwa bado itapokelewa.

Mpokeaji anaweza kujikagulia mwenyewe. Afungue chanzo cha barua, kile ambacho Gmail hukiita "Show original", na atafute mistari inayoanza na `Received`. Palipoandikwa `with ESMTPS`, ile S ya mwisho inaonyesha kuwa kipande hicho kilisimbwa. Palipoandikwa `with ESMTP` pekee, kilipita wazi. Hata hivyo, mstari wa kuaminiwa ni ule ulioandikwa na seva ya kampuni yake mwenyewe, kwani mistari ya chini zaidi iliandikwa na seva za huko nyuma na inaweza kughushiwa.

Sasa turudi kwa wakili wetu. Hata kama vipande vyote vitatu vimefungwa barabara, maelezo ya shahidi yamelala yakisomeka katika seva mbili. Msimamizi wa mitambo anaweza kuyafungua. Mwizi aliyepata nywila ya mwenzake anaweza kuyasoma miaka mitatu baadaye. Amri ya mahakama ya nchi ilipo seva inaweza kuyatoa. TLS haina la kusema juu ya hayo yote.

Hapo ndipo unapohitajika usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kama ule wa PGP uliotolewa na Mmarekani Phil Zimmermann mwaka 1991. Kila mtu huwa na funguo mbili, mmoja wa hadhara anaougawa na mwingine wa siri asioutoa. Wakili wa Arusha husimba kwa ufunguo wa hadhara wa mwenzake, na ufunguo wa siri ulioko Nairobi pekee ndio unaosimbua. Seva zote mbili hubeba vurugu. Edward Snowden alipotaka kumfikia mwandishi Glenn Greenwald mwishoni mwa mwaka 2012, alimwomba kwanza aweke PGP. Greenwald hakufanya hivyo, na Snowden akamwandikia Laura Poitras, aliyekuwa tayari anautumia.

Gharama zake si ndogo. Kabla ya kutuma, mawakili hawa wapigiane simu na kusomeana alama ya utambulisho wa ufunguo, ambayo kwa kawaida ni tarakimu na herufi 40. Wasipofanya hivyo, mtu wa tatu anaweza kupenyeza ufunguo wake na kusoma yote. Ufunguo wa siri ukipotea bila nakala, barua za zamani hazitafunguka tena. Tena simu iliyoingiliwa na programu ya kijasusi husomwa baada ya waraka kusimbuliwa, hivyo usimbaji hauisaidii. Kwa ankara ya umeme au mwaliko wa kikao, usumbufu wote huo hauna faida, na TLS inatosha.

Jambo moja huwanasa hata waangalifu. PGP ya kawaida husimba mwili wa barua na viambatisho, lakini majina ya mtumaji na mpokeaji, saa, na mara nyingi hata kichwa cha barua hubaki wazi katika kila seva. Wakili akiandika jina la shahidi kwenye kichwa hicho, atakuwa amelitoa kabla ya kufunga chochote. Aandike namba ya jalada, au neno "Waraka" tu.