Saa 3 ya nani? Istilahi ya rufaa kwa mama mwenye uchungu

Mahakamani mtu hukata rufaa, hospitalini hupewa. Mzizi wa neno ni mmoja, kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuinua, na katika matumizi yote mawili kuna jambo linalopandishwa ngazi: shauri huenda kwa jaji wa juu, mgonjwa huenda kwenye hospitali yenye uwezo zaidi. Tanzania imezitenganisha njia hizo kidogo, kwani mahakama yake ya juu huitwa Mahakama ya Rufani, ilhali hospitali zake za mikoa ni za rufaa. Kenya hutumia rufaa kwa zote mbili.

Wapo wanaosema uhamisho badala ya rufaa, lakini maneno haya hayalingani. Uhamisho ni wa mwili: mama alikuwa hapa, sasa yuko kule. Rufaa ni ya mwili pamoja na habari zake. Jaji wa rufani hupelekewa jalada lenye ushahidi na hukumu ya awali, na daktari anayempokea mama mwenye uchungu anahitaji kitu kama hicho. Jalada lake ni karatasi moja iitwayo barua ya rufaa au fomu ya rufaa. Ikikosekana, au ikiandikwa vibaya, mama amehamishwa tu.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliyagawa machelewesho yanayoua wajawazito katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari la wagonjwa hupunguza cheleweshi la pili. Barua ya rufaa inahusu la tatu, zile dakika ambazo mama amelazwa kitandani na wanaompokea wanaanza kuuliza upya maswali ambayo yeye, pengine amepoteza fahamu, hawezi kuyajibu.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Jioni ya tarehe 22 Januari mama wa miaka 34 anaingia katika kituo cha afya akiwa na uchungu, umbali wa kilomita 70 kutoka hospitali ya mkoa. Ni mimba yake ya nne, na mtoto wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Shinikizo la damu ni 170/115 na mkojo una protini nyingi. Dakika 20 baadaye anadegedega. Ni kifafa cha mimba, ugonjwa ambao jina lake hupotosha ndugu wengi, kwa kuwa hauhusiani na kifafa cha kawaida: unatokana na mimba yenyewe na shinikizo la damu linalofuatana nayo. Mkunga anampa dawa, anaita gari, kisha anachukua kalamu. Fomu ina sehemu tatu zinazotaka maneno sahihi.

Ya kwanza ni umri wa mimba. Ndugu waliomleta wanasema ana miezi minane. Nyumbani jibu hilo linatosha, lakini hospitalini halitoshi. Mtu anayesema miezi minane anaweza kuwa anamaanisha mwezi wa nane umeanza au umekwisha, na tofauti ya majuma manne au matano ndani ya neno hilo moja ni tofauti kati ya mtoto ambaye mapafu yake bado yanahitaji msaada na yule anayekaribia kukomaa. Ndiyo maana wakunga huhesabu kwa wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba ya kawaida hukadiriwa kuwa siku 280, yaani wiki 40.

Kadi ya kliniki inaonyesha kuwa hedhi ya mwisho ya mama huyu ilianza tarehe 5 Juni. Mkunga anaongeza siku saba, anarudi nyuma miezi mitatu, anapata makadirio ya kujifungua: tarehe 12 Machi. Kutoka 22 Januari hadi hapo zimebaki siku 49, sawa na wiki saba. Anaandika: umri wa mimba wiki 33, kwa hedhi ya mwisho. Maneno manne ya mwisho yana kazi yake, kwa sababu daktari anataka kujua namba imetoka wapi. Mama asiyeikumbuka tarehe husaidiwa kwa matukio, mathalani kama hedhi ilikuja kabla au baada ya Idi, na kimo cha tumbo hupimwa kwa sentimita ili kuona kama kinakaribiana na hesabu. Makadirio ya namna hiyo ni dhaifu kuliko kipimo cha ultrasaundi cha miezi ya mwanzo, hivyo hayafai kuandikwa kana kwamba yana uhakika uleule.

Namba hiyo inaamua dawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza deksamethazoni kwa mama anayeelekea kujifungua kati ya wiki 24 na 34, kwa masharti kadhaa, mojawapo likiwa kwamba umri wa mimba umekadiriwa ipasavyo. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Bangladesh, Uhindi, Kenya, Naijeria na Pakistani, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo vya watoto njiti. Kwa wiki 33 mama wetu anastahili kuipata. Kwa “miezi minane” hakuna anayejua.

Sehemu ya pili huwachanganya hata waandishi wazoefu, kwa kuwa Kiswahili kina misemo miwili inayofanana: vidokezo vya hatari na dalili za hatari. Kidokezo ni jambo ambalo mama amekuja nalo na linaloongeza uwezekano wa matatizo, hata kama leo anajisikia vizuri: kovu la upasuaji, mapacha, kutokwa damu nyingi katika uzazi uliopita. Dalili ni kile kinachotokea sasa: degedege, damu inayotoka, kichwa kinachouma na macho kuona ukungu. Dalili ndiyo iliyolileta gari. Kidokezo huweza kubadilisha matibabu ya huko anakopelekwa.

Kovu la mama huyu ni mfano mzuri. Kwa kuwa degedege limevuta macho ya kila mtu, ni rahisi kovu kusahaulika kwenye karatasi. Daktari asiyelijua anaweza kufikiria kuuharakisha uchungu kwa misoprosto, dawa inayoweza kusababisha mfuko wa uzazi wenye kovu kupasuka. Kwa hiyo mkunga anaandika yote mawili, kila moja mahali pake: kidokezo, upasuaji katika uzazi wa tatu, dalili, degedege mara moja, muda wa kama dakika moja.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye mzozo wa istilahi. Nyaraka za sera hupenda neno afua kwa hatua yoyote ya kitaalamu inayochukuliwa ili kuboresha hali. Ni neno zuri kwa mipango ya lishe na chanjo, ila kando ya kitanda cha kujifungulia halisikiki. Wakunga husema huduma alizopewa au hatua zilizochukuliwa, na kwenye fomu msemo wa kwanza unafaa zaidi, kwani unamlazimisha mwandishi ataje kitu kilichotolewa, kiasi chake na wakati wake. “Amepewa dawa ya degedege” si huduma iliyoandikwa.

Dawa yenyewe ni magnesiamu salfeti. Dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 taratibu kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye misuli, tano kila kalio. Baada ya hapo hutolewa gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4. Inazuia degedege vizuri, lakini ikizidi hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata mhudumu huhakikisha mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu unaruka goti likigongwa, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa. Goti lisiporuka, dozi husubiri. Pumzi ikisimama, mama husaidiwa kupumua na hupewa gramu 1 ya kalsiamu glukoneti kwenye mshipa.

Sasa tazama saa. Mkunga alitoa dozi ya kuanzia saa tatu usiku, akaandika “saa 3”. Gari linaingia hospitali dakika 15 baada ya saa sita usiku. Anayepokea amezoea majalada yaliyoandikwa kwa saa za Kizungu, anasoma 3 kuwa saa tisa alasiri, na hesabu inampa zaidi ya saa 9 tangu dawa itolewe. Anaona dozi imechelewa mno. Kwa kweli zimepita saa 3 na robo tu, na bado dakika 45. Kosa halitokani na ujinga wa mtu yeyote. Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua, mashine ukutani huhesabu tangu usiku wa manane, na zote mbili huandikwa kwa tarakimu zilezile. Tarehe nayo ina mtego: kwa mapokeo ya Kiswahili siku huanza jua likitua, ndiyo maana wengi husema “usiku wa kuamkia Alhamisi”.

Dawa ya utata huo ni kuandika saa kwa tarakimu nne za saa 24, na tarehe kando yake. Barua ya mama wetu ikiandikwa upya inasomeka hivi: degedege 20:50, magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani na gramu 10 misulini 21:00, dozi inayofuata 01:00, haidralazini miligramu 5 mshipani 21:10, deksamethazoni miligramu 6 msulini 21:20, dozi inayofuata 09:20, mpira wa mkojo 21:25, mlango wa kizazi sentimita 5 saa 21:40, ameondoka 22:00. Kisha jina la mkunga, cheo, namba ya simu, na jina la aliyepokea taarifa hospitalini kabla gari halijaondoka.

Mistari hiyo haizidi nusu ukurasa. Anayeipokea saa 00:15 anapima goti, pumzi na mkojo, anaandaa dozi ya 01:00, na kwa ajili ya kovu na degedege anaita timu ya upasuaji bila kumuuliza mama neno.

Fomu nyingi zina kipande cha chini kinachoitwa mrejesho wa rufaa, ambacho hospitali hukijaza na kukirudisha kituoni. Ndicho mara nyingi hubaki kitupu. Katika mfano wetu kinarudi baada ya siku nne kikiwa na mistari miwili: amefanyiwa upasuaji 02:10, mtoto wa kike kilo 1.8, yuko wodi ya watoto njiti; mama hajadegedega tena, shinikizo 140/90.